Sahihisho Linaloomba Ridhaa

Usahihishaji wa mswada ni kazi ya kupitia maandishi ya mtu mwingine neno kwa neno, ili makosa ya tahajia, sarufi na uakifishaji yaondolewe kabla maandishi hayo hayajafika kwa mchapaji, na ugumu wake mkubwa hauko katika kuyaona makosa, kwani jicho lililozoea huyaona, bali uko katika kuyagusa maneno ambayo mwenyewe yupo na ndiye atakayeulizwa juu yake kitabu kikishatoka. Kwa sababu hiyo kila sahihisho huwekwa wazi kama pendekezo ambalo mwandishi anaweza kulikubali au kulikataa, na kuliweka hivyo ni ufundi wa lugha na wa adabu kwa pamoja.

Zamani kazi hii ilifanyika juu ya prufu, yaani nakala ya majaribio ya kurasa zilizokwisha kupangwa, ambapo msahihishaji alikata neno kwa kalamu na kuandika alama yake pembezoni, na aliyetaka neno lililokatwa libaki aliweka nukta chini yake. Siku hizi kazi hiyo hufanyika zaidi ndani ya programu za kuandikia, na katika Microsoft Word kitufe chake kiko kwenye utepe wa Review kwa jina la Track Changes. Kikishawashwa, katika mwonekano wa All Markup neno linaloongezwa hupigiwa mstari chini na kupewa rangi, neno linalofutwa hukatwa kwa mstari katikati lakini halitoweki, na pembezoni mwa ukurasa hupatikana nafasi ya dokezo, yaani maelezo mafupi yaliyofungamanishwa na neno au sentensi maalumu.

Kwamba neno lililofutwa halitoweki ndilo jambo la msingi, na linaonekana vizuri zaidi kwa kutazama namna faili lenyewe linavyohifadhi badiliko. Msahihishaji anapofuta neno “hiyo” na kuandika “hizo”, ndani ya faili huandikwa hivi:

```xml
<w:del w:id="7" w:author="Msahihishaji" w:date="2024-03-05T09:12:00Z">
  <w:r><w:delText>hiyo</w:delText></w:r>
</w:del>
<w:ins w:id="8" w:author="Msahihishaji" w:date="2024-03-05T09:12:00Z">
  <w:r><w:t>hizo</w:t></w:r>
</w:ins>
```

Maneno yote mawili yamo, kila moja likiwa na jina la aliyeligusa pamoja na siku na saa, na hakuna lililoamuliwa bado. Msomaji makini ataona pia kwamba kinachoitwa badiliko moja katika mazungumzo ya kawaida, yaani kubadilisha neno kwa neno, kwa kompyuta ni mambo mawili, ufutaji na uongezaji, na kila moja lina kukubaliwa kwake na kukataliwa kwake. Mwandishi anayekubali uongezaji na kukataa ufutaji hujikuta na “hiyohizo” katika mstari mmoja, na makosa ya namna hii huwa mengi pale anayepitia amechoka.

Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi, yaani ile kanuni ya nomino kuvitawala vivumishi, viwakilishi na vitenzi vinavyoiandama. Ichukuliwe sentensi ya mfano kutoka mswada wa historia ya shule: “Barua hiyo ilifikishwa kwa mwalimu mkuu, ambae aliisoma mbele ya wanafunzi kisha akawarudishia.” Tuseme kurasa chache nyuma mwandishi huyohuyo ametaja kwamba barua zilikuwa mbili. Msahihishaji anayetaka wingi atalazimika kugusa sehemu tatu, yaani “hiyo” iwe “hizo”, “ilifikishwa” iwe “zilifikishwa”, na “aliisoma” iwe “alizisoma”, ilhali neno “barua” lenyewe, ambalo ndilo chanzo cha mabadiliko yote, halitabeba alama yoyote, kwa kuwa nomino hiyo ya ngeli ya I-ZI ina umbo moja katika umoja na wingi. Mwandishi anayefungua faili ataona vipande vitatu vyenye rangi vimetawanyika, wala hataona sababu. Akikubali cha kwanza na kukataa cha pili, atabaki na “Barua hizo ilifikishwa”, sentensi ambayo hakuna mtu aliyeiandika, si yeye wala msahihishaji wake.

Hapa ndipo ustadi unapopimwa. Msahihishaji asiye na uzoefu hudhani kwamba kwa kuwa kila alama inaweza kukataliwa, mwandishi ameshapewa uhuru wake wote, lakini uhuru wa kukataa kitu ambacho hakieleweki ni mdogo sana. Stadi huanza kwa kujiuliza kama jambo lenyewe ni la lugha au ni la mwandishi, na idadi ya barua ni jambo la mwandishi, kwa sababu huenda kosa liko kwenye ukurasa wa nyuma, au barua ya pili ilifika baadaye. Kwa hiyo sentensi huachwa katika umoja, na dokezo hubandikwa kwenye neno “barua”: “Ukurasa wa 14 unataja barua mbili. Je, hapa inakusudiwa moja tu? Kama ni zote mbili, nitarekebisha sentensi nzima.” Dokezo hilo lina kila kinachohitajika, yaani mahali pa kuhakikisha, swali linalojibika kwa neno moja, na ahadi ya kazi itakayofuata, na linamfanya mwandishi aamue jambo moja badala ya kupambana na vipande vitatu. Pale ambapo mabadiliko ya upatanisho hayana budi kufanywa papo hapo, dokezo moja linatosha kuyafunga pamoja: “Mabadiliko matatu ya sentensi hii ni uamuzi mmoja, tafadhali yakubali au uyakatae yote.”

Neno “ambae” ni la namna nyingine kabisa. Tahajia sanifu ni “ambaye”, halina ubishi, na dokezo juu yake lingekuwa kelele. Linasahihishwa tu na kazi kuendelea. Lakini hata katika jambo dogo kama hili kuna njia mbili za kufanya, na iliyo nyepesi kwa msahihishaji si iliyo nyepesi kwa msomaji wake. Herufi “y” ikichomekwa peke yake, inayoonekana ni alama nyembamba ambayo jicho huiruka, hasa karatasi ikichapwa bila rangi. Mbaya zaidi ni kubadilisha herufi ndani ya neno: “hiyo” ikigeuzwa “hizo” kwa kufuta “y” na kuandika “z”, kinachobaki kwenye skrini ni kitu kama “hiyzo”, herufi moja imekatwa na nyingine imepigiwa mstari, na mwandishi hulazimika kufumbua fumbo kabla ya kuamua. Ni bora neno zima lifutwe na neno zima liandikwe, hata kama kazi inaongezeka kwa mibonyezo michache, kwa sababu mwandishi hupima neno dhidi ya neno, hapimi herufi. Hivyohivyo kwa nafasi kati ya maneno, ambayo ikifutwa ovyo huyaunganisha maneno mawili mara tu badiliko linapokubaliwa. Njia ya kulitambua kosa hilo mapema ni kuuhamisha mwonekano kutoka All Markup kwenda No Markup, ambao huonyesha maandishi kama yatakavyokuwa endapo kila pendekezo litakubaliwa, kisha kuisoma aya yote upya.

Linabaki neno “akawarudishia”, na hili ndilo linalomtenga msahihishaji wa kweli na mpiga chapa wa haraka. Kisarufi halina kosa. Hata hivyo kiambishi “wa” hakisemi ni akina nani waliorudishiwa, wanafunzi waliokuwa wakisikiliza au watu walioituma barua, na mtu mwenye mkono mwepesi angeandika “akawapa wanafunzi” na kwenda zake, akiwa ametunga tukio ambalo huenda halikutokea. Kinachohitajika ni dokezo fupi: “Aliwarudishia nani, wanafunzi au walioituma?” Maneno ya jumla kama “haieleweki” au “tazama tena” hayasaidii, kwa kuwa humwambia mwandishi kwamba amekosea bila kumwonyesha ni njia gani mbili za kuisoma sentensi zilizogongana, na mwandishi aliyeijua maana tangu mwanzo ataisoma mara kumi bila kuuona utata. Vilevile dokezo la lugha lina nguvu zaidi likitaja msingi wake, mathalani Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kuliko likitegemea cheo cha aliyeliandika.

Kuna masahihisho ambayo hayastahili kuonyeshwa hata kidogo, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba kila mguso uonekane. Mswada wa kurasa nyingi unaweza kuwa na nafasi mbilimbili baada ya nukta kila mahali, na zikiondolewa huku ufuatiliaji ukiwa umewashwa, kurasa zitajaa mamia ya alama zisizohitaji uamuzi wa yeyote, nazo zitayafunika masahihisho machache yanayouhitaji. Mwandishi aliyezidiwa atabonyeza Accept All Changes bila kusoma, na haki yake ya kukataa itakuwa imepotea kwa sababu ya uaminifu uliopita kiasi. Inafaa zaidi usafi wa namna hiyo ufanywe mwanzoni, ufuatiliaji ukiwa umezimwa, na mwandishi aelezwe wazi katika barua inayoandamana na faili ni nini kilichoguswa kimyakimya. Aya zinazohitaji kuhamishwa nazo zipendekezwe kwa dokezo, zisihamishwe, kwa sababu aya iliyohamishwa na kusahihishwa kwa wakati mmoja huonekana mara mbili, na marekebisho madogo yaliyo ndani yake ni vigumu kuyafuata.

Kwa upande wa mwandishi, mpangilio ulio salama ni kupita kwanza akikataa yale asiyoyataka, kuyajibu madokezo yote, na baada ya hapo tu kuyakubali yaliyobaki kwa pamoja. Mwonekano wa No Markup, uliotajwa hapo juu kama msaada, humdanganya asiyeufahamu, kwa kuwa huzificha alama bila kuziondoa, na faili linaloonekana safi kwa mwandishi huweza kufika kwa mchapaji likiwa bado limebeba kila kilichofutwa pamoja na maswali yote ya msahihishaji. Kukubali mabadiliko yote pia hakuondoi madokezo, ambayo hufutwa peke yake. Nakala yenye alama ihifadhiwe kama faili la pembeni kabla ya kukubali chochote, kwa sababu badiliko likishakubaliwa na faili likahifadhiwa na kufungwa, neno la awali na jina la aliyelibadilisha havimo tena ndani yake.