Utaji wa Asubuhi ya Gazi

Pwani ya kusini ya Kenya huwapa wapiga picha za angani saa ambayo ni nzuri na ngumu kwa pamoja. Jua huchomoza baharini saa kumi na mbili na kitu, upepo bado haujaamka, na droni husimama juu ya Gazi, Msambweni au Diani bila kutikisika. Lakini utulivu huohuo ndio unaolea ukungu. Usiku usio na mawingu wala upepo ardhi hupoteza joto lake, na unyevu uliotoka baharini hugeuka matone madogo mno juu ya mabonde, mikoko na mashamba. Huko bara hewa hiyohiyo hupandishwa na vilima vya Shimba, ikapoa, ikavifunika. Asubuhi macho yetu hufurahia. Kamera nayo hurudi na picha iliyopauka, kijivu juu ya kijivu.

Nataka kumsifu fundi anayeketi mbele ya picha hiyo na kuirudishia kontrasti, yaani ile tofauti kati ya penye mwanga na penye kivuli. Wengi hudhani kazi yake ni kuvuta kitufe kimoja mpaka picha ikolee. Kazi yenyewe ni ya kipimo. Ukungu ni utaji usio na unene mmoja, na kila umbali una deni lake. Fundi hodari hulilipa kila deni kwa kadiri yake, na hujua deni lisilolipika.

Tuanze na kinachotokea hewani. Mwanga unaotoka kwenye mnazi kuja kwenye kamera hupita kati ya matone, na kila hatua sehemu yake hutawanywa. Papo hapo matone hayo hupokea mwanga wa anga na kuutupa nao kwenye kamera. Mambo ni mawili, basi: mwanga wa mnazi unapungua, na mwanga usio wa mnazi unaongezeka. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Harald Koschmieder, alieleza uhusiano huo mwaka 1924 alipochunguza jinsi vitu vinavyoonekana kwa mbali. Leo mafundi huuandika hivi:

```
I = J × t + A × (1 − t)
```

I ni kile kamera ilichorekodi. J ni mwanga halisi wa kitu. A ni mwanga wa ukungu wenyewe, na t ni sehemu ya mwanga wa kitu iliyosalimika njiani. Kusafisha picha ni kuirudisha hesabu hii nyuma: kutoa kilichoongezwa na ukungu, kisha kukuza kilichobaki mpaka kifikie ukubwa wake wa awali.

Chukua mfano wa picha iliyopigwa saa moja asubuhi kutoka ufukwe wa Gazi, kamera ikitazama bara. Upande huo umechaguliwa kwa akili. Matone ya ukungu hutupa mwanga mwingi zaidi mbele kuliko nyuma, kwa hiyo anayelielekea jua hupata utaji mkali kuliko aliyelipa kisogo. Tuseme ukungu wa siku hiyo hupunguza mwanga kwa nusu kila mita 700. Kwenye kipimo cha mwanga cha 0 hadi 100, kivuli chini ya majani kingekuwa 4, jani lenye jua lingekuwa 50, na ukungu mtupu ni 80.

Kwenye minazi iliyo mita 700, kivuli kile cha 4 kimerekodiwa 42, na jani la 50 limekuwa 65. Tofauti iliyokuwa 46 imebaki 23. Twende kwenye miti iliyo mita 1,400. Huko kivuli kimefika 61 na jani 72 na nusu, tofauti haizidi 12. Kivuli cha mbali sasa kina mwanga mwingi kuliko jani lililopigwa na jua mbele kabisa ya kamera. Ndiyo maana kuvuta kontrasti ya picha nzima kwa mkono mmoja hakufai. Kinachotosha kwa minazi ya nyuma huifanya mikoko ya mbele kuwa myeusi kama mkaa.

Fundi kwa hiyo huigawa picha kwa umbali. Ndani ya programu kama DaVinci Resolve hufungua grafu iitwayo Waveform, inayoonyesha mwanga wa kila sehemu ya fremu, na hutafuta mahali anapojua pana kivuli kizito: chini ya mkoko, ndani ya kichaka, upande wa paa la makuti usio na jua. Urefu ambao kivuli hicho kimeinuka kutoka sifuri ndio ushahidi wa ukungu wa pale. Kisha huchora maeneo yenye kingo laini, moja la mbele, moja la kati, moja la mbali, na hushusha kila moja mpaka kivuli chake kikae panapostahili. Kabla ya hapo huzirudisha namba za faili kwenye kipimo cha mwanga wenyewe, kwa sababu kamera huzipinda ili zipendeze macho, na hesabu ya Koschmieder ni ya mwanga.

Hapa ndipo ubora wa faili unapotoa hukumu. Kwenye faili ya biti 8 yenye rangi za kawaida, kila rangi ina ngazi 256 tu. Miti yetu ya mita 1,400 imebanwa ndani ya ngazi kama 16, na tunataka ijaze zaidi ya 130. Ngazi haziongezeki kwa kuvutwa, zinaachana. Matokeo yake ni michirizi juu ya anga na mabaka kwenye majani. Faili ya biti 10 ina ngazi 1,024, mara nne ya ile, na inavumilia mvuto huo vizuri zaidi. Chenga za kamera nazo hukuzwa: panapobaki robo ya mwanga, kuurudisha ni kuzidisha kwa nne, na chenga huzidishwa vilevile. Ndiyo sababu fundi makini husafisha chenga kwanza kwa kulinganisha fremu zinazofuatana, ndipo aguse ukungu.

Kompyuta inaweza kukadiria t yenyewe. Mwaka 2009 Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang walitoa njia iliyojengwa juu ya jambo rahisi: katika picha safi ya nje, karibu kila kipande kidogo kisicho anga kina angalau pikseli moja yenye rangi mojawapo iliyo karibu na sifuri, iwe ni kivuli, jani la kijani au kitambaa chekundu. Kipande kisipokuwa na pikseli ya namna hiyo, njia hii husema kuna ukungu, na huupima kwa kiasi kilichozidi. Juu ya mikoko ya Gazi inafanya kazi vizuri, maana majani na vivuli vimejaa tele. Ipeleke Diani uone. Mchanga wa Diani ni mweupe, povu la wimbi ni jeupe, kuta za hoteli ni nyeupe. Hakuna pikseli ya giza ndani yake, na kompyuta huhesabu ufukwe mzima kuwa ukungu. Mchanga hugeuka kijivu kilichochafuka, na povu hupoteza weupe wake. Watafiti hao wenyewe walieleza udhaifu huu wa vitu vinavyofanana na rangi ya ukungu. Dawa yake ni ya mkono: kuuzungushia ufukwe mpaka, na kuusafisha kwa kadiri ya umbali wake, si kwa weupe wake.

Video ina mtihani wake. Kompyuta ikikadiria A upya kwa kila fremu, wimbi moja jeupe linaloingia pembeni hubadilisha hesabu, na picha huanza kupumua, mara ing'ae, mara ififie. Afadhali A ichaguliwe mara moja kwa klipu nzima, na ibadilishwe polepole tu pale jua linapopanda au kamera inapogeuka. Tena ukungu wa mabondeni hulala kwa tabaka. Vichwa vya minazi vinaweza kuwa wazi huku mashina ya minazi hiyohiyo yamezama. Hapo umbali pekee hautoshi. Eneo la tabaka huchorwa kwa mkono na kufuatishwa kadiri droni inavyosonga.

Rangi husaidia kutambua aina ya utaji. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa, na utaji wake ni mweupe au kijivu. Moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua za masika una chembe ndogo zaidi, na hutawanya buluu zaidi. Ukikuta kivuli cha mbali kina buluu inayozidi nyekundu, usitoe kijivu peke yake, punguza na buluu. Na kuna utaji wa tatu usio wa hewa kabisa. Droni iliyotolewa kwenye gari lenye kiyoyozi na kurushwa papo hapo hushika umande kwenye lenzi. Dalili yake ni kwamba majani yaliyo mita chache mbele ya kamera yamepauka sawa na yaliyo mbali. Hapo hakuna hesabu ya umbali itakayosaidia. Dawa ni kuiacha kamera ipate joto la nje kabla ya kuruka.

Nimeuacha mpaka wa kazi hii mwisho kwa sababu ndio unaompa fundi heshima yake. Katika ukungu wetu wa mfano, kufika kama kilomita 4 mwanga uliosalimika ni asilimia 2, na hapo ndipo wataalamu huweka kikomo cha macho. Vilima vya Shimba viko nyuma ya kikomo hicho. Programu bado itatoa kitu ukiisukuma, lakini kitakuwa chenga zilizovishwa umbo la kilima. He na wenzake waliacha kwa makusudi sehemu ndogo ya ukungu wa mbali, kwa maelezo kwamba picha isiyo na ukungu kabisa hupoteza hisia ya umbali. Kwa Gazi kuna sababu nyingine. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, umekuwa ukiuza hewa ya ukaa kutokana na msitu wa mikoko wa hapo, na picha za angani za msitu huo hutazamwa na watu wanaotaka kujua hali yake. Kijani kilichoongezwa na fundi ili kupendeza ni ushahidi wa uongo juu ya miti ya wenyewe.

Kwa hiyo ukipewa picha ya asubuhi, tafuta kivuli unachokijua, kishushe mpaka penye haki yake, na kila umbali uupe kadiri yake. Mwanga usipofika, uache ukungu mahali pake. Na kama ni lazima vilima vionekane, rusha tena saa tatu, jua likishaukausha.