Njia ya Kurudi kwenye Kidahizo

Mwanafunzi wa Bariadi akisoma gazetini kwamba pamba ya msimu huu haijachambuliwa, anaijua pamba kuliko aliyeandika habari hiyo. Ameipanda, ameipalilia na kuivuna. Lakini mpe Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotungwa na TUKI na kutoka mara ya kwanza mwaka 1981, umwambie alitafute neno hilo. Kwenye H halipo. Kwenye I halipo wala kwenye J. Kamusi haikukosea. Iliyaona maumbo ya kitenzi kimoja cha Kiswahili kuwa mengi mno kupangwa yote, ikaliweka shina tu na kumwachia msomaji kazi ya kurudi hadi hapo. Kazi hiyo ni ufundi, nami nauheshimu kama ninavyouheshimu ufundi wa seremala.

Ufundi wenyewe una kanuni moja kubwa: ondoa kitu kimoja, kisha tazama. Tuanze na haijachambuliwa. Mbele kuna ha, nayo inakanusha. Inafuata i, inayosimama badala ya pamba. Kisha ja, inayosema jambo bado halijatendeka. Baada ya hapo hakuna tena kiambishi cha mbele, tumebaki na chambuliwa. Sasa tugeukie mwisho. Ile w ni ya kutendwa, tukiitoa tunapata chambulia. Tunafungua CH, hatukioni kidahizo hicho. Ile li nayo ilikuja pamoja na w hiyo ya kutendwa, tukiitoa tunapata chambua. Hicho kipo, na mbele yake kuna alama kt inayotuambia kuwa ni kitenzi. Maana yake ni kutenganisha kizuri na kibaya, au kutenga kitu na kingine, kama pamba inavyotengwa na mbegu zake kiwandani. Ukiirudisha maana hiyo kwenye sentensi ya gazeti, inakaa sawasawa. Hapo tu ndipo kazi imekwisha.

Wengi hukwama kwenye ile l. Wanatoa iwa yote kwa pamoja, wanabaki na chambula, wanakwenda kulitafuta wasilione. Sababu iko katika historia ya lugha. Kiswahili kiliidondosha l ya kale iliyokuwa katikati ya irabu mbili, lakini kiliibakiza pale kitenzi kinaponyambuliwa. Ndiyo maana tunasema zaa lakini mtoto huzaliwa, ondoa lakini mzigo huondolewa, pokea lakini mgeni hupokelewa. Mtoto wa Simiyu ana bahati hapa, maana nyumbani anasikia Kisukuma kikisema byala kwa maana ya kuzaa. Ile l iliyotoka kwenye zaa ipo mdomoni mwa bibi yake. Akishajua hilo, neno lolote linaloishia na liwa au lewa halimtishi tena: anajaribu kuifuta l na kuziunganisha irabu zilizobaki.

Hata hivyo ajaribu tu, asilazimishe. Sema sentensi inayofuata gazetini inaeleza kwamba mashamba mengine hayakupaliliwa kwa wakati. Tukitoa ha, ya na ku, tunabaki na paliliwa. Mwenye pupa atang'oa liwa nzima kwa kuwa ilimfaa kwenye chambuliwa, kisha atajikuta akisoma habari za mtu aliyepaliwa na maji. Mwenye kufuata kanuni ataitoa w peke yake, atapata palilia, ataifungua kamusi na kuikuta imekaa hapo kama kidahizo. Hana sababu ya kuendelea. Tofauti ya hao wawili si wingi wa maarifa, ni subira ya kutazama kila baada ya hatua.

Lipo kundi jingine lenye tabia yake. Vitenzi tulivyovipata kutoka Kiarabu aghalabu haviishii na a. Mikutano ya vyama vya ushirika imejaa vitenzi hivyo: bei ilijadiliwa, magunia yakahesabiwa, deni likasamehewa. Ukiondoa viambishi na kumalizia kwa a, utatafuta jadila, hesaba na sameha, na hutapata hata moja. Vidahizo ni jadili, hesabu na samehe. Hapa l ya jadili ni yake tangu mwanzo, haifutwi. Na hesabu inaficha zaidi, kwa sababu u yake hugeuka i inapopokea mnyambuliko, vilevile haribu inapokuwa haribika. Kwa hiyo shina likikataa na a, lijaribu na i, kisha u, kisha e. Ni majaribio matatu tu, na mara nyingi moja litakubali.

Vitenzi vifupi ndivyo vinavyodai umakini mkubwa zaidi. La, fa, nywa, ja na pa vina silabi moja, na kamusi huviweka chini ya herufi yake bila ile ku tuliyozoea kuisikia katika kula na kufa. Basi hawajala iko kwenye L. Ila ugumu halisi uko katika sentensi kama hii: wale mawakala walitupa mbegu. Ukikata baada ya li, unabaki na tupa, na mbegu zimekwenda jalalani. Ukikata baada ya tu, unabaki na pa, na mbegu zimo mikononi mwetu. Herufi ni zilezile na matamshi ni yaleyale. Kanuni zote za viambishi haziwezi kukuamulia. Inayoamua ni habari iliyotangulia na ile inayofuata: kama sentensi ya pili inasema tulizipanda mvua za kwanza ziliponyesha, basi nenda kwenye pa. Kwa hiyo kabla ya kukata neno, soma aya nzima. Anayeliandika neno peke yake kwenye kikaratasi na kwenda nalo kwenye kamusi ameshaacha nusu ya ushahidi nyuma.

Jambo la mwisho ni gumu kulifundisha, nalo ni kujua mahali pa kusimama. Chukua waliandamana. Toa wa na li, unapata andamana. Mwenye mazoea ya kukata ataiona ile an ya kutendana, aitoe, afike andama, yaani kufuata. Ukoo upo kweli, maana wanaoandamana hufuatana. Lakini watu waliojaa barabarani wakiwa na mabango hawaelezwi na andama. Maana hiyo imekua ikajitegemea, ndiyo maana watunzi wa kamusi wameipa andamana nafasi yake kama kidahizo. Chambuliwa, kwa upande wake, haibadilishi maana ya chambua, inabadilisha tu nani anatenda na nani anatendwa, kwa hiyo haikuhitaji kidahizo chake.

Kumbe watunzi nao wanaifanya kazi hiyohiyo, wakitokea upande wa pili. Wao walijiuliza kuhusu kila neno: je, mnyambuliko huu umepata maana yake yenyewe, au bado unaishi kwa maana ya shina? Msomaji anayerudi nyuma hatua kwa hatua, akitazama kila anapoondoa kitu, anafikia jibu lilelile walilolifikia wao. Ndiyo sababu siwaonei huruma wanafunzi wanaopewa kamusi ya vidahizo badala ya orodha ya maneno yaliyokwisha kuvunjwavunjwa. Atakayeitumia kwa mwaka mmoja shuleni atakuwa amejifunza jinsi Kiswahili kinavyounda vitenzi vyake, na siku akikutana na kitenzi ambacho kamusi haijakiingiza kabisa, atajua kukivunja mwenyewe.