Mbegu ya Mtindi Kilwa

Maziwa yaliongezeka Kilwa baada ya wafugaji walioondolewa Usangu kuhamia mkoani Lindi, miaka ya 2006 na 2007. Bibi ninayempongeza hapa hununua kwao, na sasa anamfundisha mjukuu wake kugandisha.

Wamechemsha lita moja, wakaiacha ipoe. "Tia kidole safi. Ukihesabu hadi kumi bila kuungua, weka mbegu." Mbegu ni vijiko viwili vya mtindi wa jana, usiotiwa sukari.

"Bibi, nikizidisha si yataganda upesi?"

"Yataganda, mwanangu, ila yatakuwa makali na kujitenga maji. Na ukitia yakingali moto, mbegu inakufa. Kesho utakuta maziwa yale yale."

Joto la pwani hugandisha kwa usiku mmoja, lakini mtoto hakungoja: baada ya isha alifunua, akaitikisa sufuria. Asubuhi mtindi ulikuwa umepasuka mabonge, maji yakielea juu. Bibi akanusa. Uchachu safi, hakuna povu. Ungekuwa na povu na harufu mbaya angeumwaga wote, mbegu ikiwamo. Akachota vijiko viwili vya kesho, ndipo akaruhusu sukari.