Mahali Pa Se Lo

Mtu wa Kitui akisema "nampa Mueni asali", kitenzi chake kina nafasi moja tu ya mtendwa, na aliyeikalia ni Mueni anayepokea. Asali ikishajulikana, "nampa" inatosha. Hakuna asemaye "naimpa". Kihispania kina nafasi mbili, tena zenye utaratibu usiopinda: mpokeaji hutangulia, kitu hufuata. "Me la da" ni ananipa hiyo asali. Hata kwa amri, viwakilishi vinapohamia nyuma ya kitenzi, utaratibu ni uleule: "dámela", nipe hiyo. Sasa "le doy la miel a Mueni" tukiiondolea jina la Mueni na la asali, tungetazamia "le la doy". Husemwa "se la doy". Likiwa embe la Makueni, "se lo doy". Yakiwa mengi, "se los doy".

Vitabu vingi vya wanafunzi hudai kwamba le iligeuzwa ili ulimi usikwame kwenye l mbili. Dai hilo halisimami. Mhispania husema "dile lo que pasó", mwambie yaliyotokea, na le na lo hupita zikifuatana bila taabu yoyote. Sababu iko kwenye Kilatini. "Illi" peke yake ilichakaa ikawa le. Lakini ilipofuatwa na "illum", ile i ya mwisho iligusana na irabu, l ikalainika, na katika Kihispania cha kale pakatokea "ge lo", ambayo g yake ilikuwa karibu na sh yenye mtetemo. Kiitaliano kilitoka kwenye mzizi huohuo na hadi leo husema "glielo". Baadaye sauti ile ikakaribiana na s, na kwa kuwa "se lo" ya kujirejea ilikuwapo tayari, ge ikavutwa huko. Katika karne ya 16 se ikashinda. Kwa hiyo le haikugeuka kamwe: mbele ya lo haikuwahi kuwapo.

Atauliza mtu: mwanafunzi wa Wote ana haja gani na Kilatini, si kanuni inatosha? Kwa mtihani, ndiyo. Ila anayeidhani se hii kuwa ile ya kujirejea atasoma "se lo doy" kama najipa, ilhali najipa ni "me lo doy". Pingamizi zito zaidi ni kwamba se huficha idadi: yeye, wao, wewe kwa heshima, wote ni se. Ni kweli, ndiyo maana huongezwa "a ella" au "a ellos" palipo na utata. Tena wasemaji wenyewe huuhisi upungufu huo. Huko Meksiko husikika "eso se los dije a ellos", hilo niliwaambia: jambo ni moja, lakini s ya wingi wa wasikilizaji, isiyo na pa kukaa kwenye se, imehamia kwenye lo.