Vifuniko 46 vya distribyuta

Duka lenyewe liko Kariakoo na linauza vipuri vya Toyota. Niliitwa mwisho wa Desemba kuhesabu mali. Rafu ya nyuma, juu kabisa, ilikuwa na katoni mbili za vifuniko vya distribyuta vya injini ya 5A, vipande 46, kila kimoja kimenunuliwa kwa shilingi 9,500. Mwenye duka alizitazama akasema, "Hizo haziozi, mhasibu. Ziache, zina siku yake."

Nikaomba kadi ya stoo. Vilinunuliwa 60 miaka mitatu nyuma. Mwaka wa kwanza vikatoka 8, wa pili 4, na mwaka huu 2. Kwa mwendo huo 46 vingechukua miaka 23 kwisha, na hiyo ni kama mauzo yasingeshuka tena, wakati kila dalili ilionyesha yatashuka. Injini ya 5A hugawa umeme wa plagi kwa distribyuta, lakini 1NZ iliyoifuata kwenye Corolla na gari ndogo nyingi haina kifaa hicho: kila plagi ina koili yake juu. Kila 5A inayopelekwa kwenye chuma chakavu inaondoka na mteja mmoja wa kifuniko hiki, na hakuna mpya anayekuja kushika nafasi yake.

Hapo ndipo mali iliyododa inapotengana na mali inayotoka polepole. Duka hilohilo lilikuwa na steringi raki moja ambayo huuzwa mara moja kwa mwaka. Hiyo niliiacha, kwa sababu faida yake ni nene na gari lake bado linaingia nchini. Kigezo changu ni mali iliyopo itachukua muda gani kwisha, na je, magari yanayoihitaji yanaongezeka au yanapungua.

Tahadhari moja kuhusu kadi. Usiamini tarehe ya mwisho iliyoandikwa kabla hujajua iliandikwa kwa sababu gani. Kadi moja ya breki pedi ilionyesha zimetoka 6 mwezi wa nane, kumbe zilihamishiwa rafu ya mbele tu. Pedi nyingine zilionekana zimedoda, na kisa chake kilikuwa nambari: mtengenezaji alibadilisha nambari ya kipuri, kijana wa kaunta akawa anatafuta mpya, haioni, anamjibu fundi "hakuna". Wakati huo pakiti 11 zenye nambari ya zamani zimekaa nyuma yake. Zile hazikuhitaji kupunguzwa bei, zilihitaji kuandikiwa lebo.

Turudi kwenye vifuniko. Mwenye duka alikuwa tayari ameshapunguza bei, kutoka 18,000 hadi 15,000, kisha 13,000. Hakikutoka hata kimoja cha ziada, wala sikushangaa. Fundi hanunui kifuniko cha distribyuta kwa kuwa ni rahisi, anakinunua kwa kuwa gari la mteja limegoma kuwaka. Mwenye 5A nzima hakihitaji hata ukimpa kwa 3,000. Kwa hiyo kupunguza bei kaunta kulimwondolea tu faida kwenye vile viwili ambavyo vingeuzwa hata hivyo.

Vifuniko vya usukani vya ngozi bandia ni habari nyingine. Hivyo mtu hununua kwa kupendezwa, na bei humvuta. Tulivishusha mara moja kutoka 15,000 hadi 9,000, mawinga wakapewa habari siku hiyohiyo, na tukakubaliana kwamba baada ya wiki mbili kama nusu haijatoka tunashuka hadi 6,000. Kushusha elfu moja moja kila mwezi ni kumfundisha mteja kusubiri.

Kwa kipuri cha kurekebisha gari, wa kumpunguzia bei ni mfanyabiashara mwenzako. Mmoja wa wateja wa jumla hupeleka vipuri mikoani, ambako kwa maelezo yake 5A bado ziko barabarani kwa wingi kuliko mjini. Alikubali kuchukua 40 kwa 6,000 kila kimoja. Winga aliyetuunganisha alipata 500 kwa kila kipande, ikabaki 5,500.

Mwenye duka aligoma. "Nilinunua kwa 9,500!" Ni kweli, lakini pesa hiyo ilishatoka miaka mitatu iliyopita na hakuna uamuzi wa leo utakaoirudisha. Cha kulinganisha ni 220,000 mkononi Januari, zikanunue koili zinazoulizwa kila siku, dhidi ya katoni mbili juu ya rafu.

Hata kabla ya mzigo kuondoka, vitabu vya Desemba vilipaswa kusema ukweli. Kiwango cha uhasibu IAS 2 kinataka mali iandikwe kwa gharama yake au kwa kile itakachokuletea ukiuza baada ya kutoa gharama za kuuza, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Vipande 40 vikashuka kutoka 9,500 hadi 5,500, hasara ya 160,000. Wafanyabiashara wengi huikimbia hasara hii wakidhani wanajilinda. Faida hupatikana kwa kutoa gharama ya mali iliyouzwa, na gharama hiyo hupatikana kwa kutoa mali iliyobaki. Ukiikuza mali iliyobaki, umeikuza faida, kisha unailipia kodi na kuigawana na mbia wako ilhali haipo.

Mikanda ya taimingi, nayo ya 5A, tuliifuta yote. Ilikuwa 35, gharama yake 14,000 kila mmoja, jumla 490,000. Nilikunja mmoja kwa vidole, nyufa ndogo zikafunguka kwenye mizizi ya meno yake. Mpira huzeeka hata ndani ya boksi, na jua la dirishani lilikuwa limeuzeesha haraka zaidi. Mkanda huo ukiuuza kwa bei ya kutupa, utakatikia njiani na fundi atarudi dukani kwako akiwa na hasira za mteja wake. Tuliandika orodha yenye nambari na idadi, tukapiga picha, tukaiandikia ofisi ya kodi kabla ya kuharibu chochote, kisha mikanda ikakatwa vipande kwa mkasi wa bati isije ikaokotwa na kuuzwa mtaani. Kampuni yenye faida ikikubaliwa hasara hiyo, kodi ya asilimia 30 inapungua kwa 147,000. Bila karatasi hizo ni vigumu kuitetea.

Nilipomaliza, nilitaka kujua kwa nini vifuniko vilinunuliwa 60. Ankara ilikuwa na jibu. Ukichukua 10 bei ni 12,000, ukichukua 60 bei ni 9,500. Mwaka uliotangulia duka liliuza 12, maana yake 60 ni mzigo wa miaka mitano kwa injini iliyokwishaanza kutoweka. Punguzo la 2,500 lina maana kwa kipande kilichouzwa tu. Viliuzwa 14, kwa hiyo aliokoa 35,000, na kwa ajili yake akapoteza 160,000.

Sasa kaunta ina madaftari mawili. Kwenye moja huandikwa kila kipuri kilichoulizwa kikakosekana, pamoja na aina ya injini. Jingine ni la oda, na safu yake ya kwanza ni mauzo ya miezi 12, kabla ya safu ya bei. Vipuri vya injini zinazozeeka haviagizwi tena nje. Vinanunuliwa vitatu vinne kwa jirani wa jumla hapohapo Kariakoo, kwa bei ya juu, na mwenye duka bado analalamika kila anapolipa.

Vifuniko sita vilivyobaki viko kwenye droo ya kaunta. Bei yake imerudishwa 18,000.