Wasomaji wa Maboksi ya Dawa

Picha inaingia kwenye simu ya mtoa dawa wa duka la dawa muhimu huko Kizota. Ni boksi la parasetamoli ya mtoto, zawadi ya ndugu aliye nje. Mwanga wa flashi umefuta kona moja, na chini yake kuna swali: “Dada, tumpe ngapi?”

Hataji idadi. Anataka picha ya pande zote za boksi, na ya chupa pia, kisha anauliza uzito wa mtoto. Kilo 8.

Maandishi ya kigeni yanasema 100 mg/ml. Haya ni matone. Sirapu iliyozoeleka madukani ina miligramu 120 katika mililita 5, na mtoto huyo, kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 120 kwa mara moja. Kwa sirapu ni kijiko kimoja cha dawa. Kwa matone ni mililita 1.2 tu. Anayetafsiri kwa mazoea ataandika “kijiko kimoja”, na mtoto atameza miligramu 500. Dozi hiyo ikirudiwa mara nne kwa siku, ini lake linaingia hatarini. Kibaya zaidi, siku ya kwanza huenda akatapika tu au asioneshe chochote. Madhara ya ini huja siku ya pili au ya tatu, ilhali dawa ya kuondoa sumu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Kisha yapo maneno ya saa. Boksi linataka dozi kila baada ya saa 6, zisizidi nne kwa siku. Andika “kila saa 6”, na mama wa Kizota atasikia saa sita mchana na saa sita usiku, basi. Ukiacha neno “zisizidi”, kikomo kinageuka amri, na mtoto aliyepoa homa anaamshwa usiku anyweshwe. Mtoa dawa huyu huandika hivi: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku, akiwa bado na homa tu. Halafu humtaka mama asome kwa sauti.

Watoa dawa wa zamani walifanya hivyo bila kusukumwa. Bahasha iliandikwa kwa mkono unaosomeka, na mgonjwa hakuondoka dirishani kabla ya kurudia maelekezo. Siku hizi ni “1×3” kwa kalamu ya haraka, na foleni inasogea. Hata maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 ili dirishani asimame mtu aliyefunzwa, yana bahasha za namna hiyo.

Ukipiga picha ya boksi, zima flashi, piga pande zote, na namba za mg na ml zisomeke. Ikiwa mtoto ameshapewa nyingi, mpeleke hospitali na boksi lake sasa hivi, hata kama anacheza.