Mizani Inajua Kilo Tu

Daftari lilinifikia Litein likiwa limefungwa kwa leso, jalada limelegea kwa unyevu. Mama aliyeliandika alichuma chai miaka mingi kwenye vilima vinavyoelekea Kapkatet, na sasa alitaka wajukuu wake wasome alivyoishi. Lugha aliyoinyonya ni Kikipsigis. Kiswahili alikiokota katika kituo cha kununulia majani, kwenye foleni, katikati ya watu waliotoka kila upande. Niliombwa ninyooshe maandishi yake.

Nakumbuka aya hii: "Asupuhi sisi ilikuwa tunaamka saa kumi. Kikapu mgongoni, kikapu hakina kitu. Tunachuma, tunachuma, mpaka kikapu kinasema inatosha, lakini misani inasema pado. Misani ni mtu mkali. Haijui kwamba mvua ilinyesha, haijui kwamba mtoto wangu analia, inajua kilo tu."

Mara ya kwanza niliiandika hivi: "Tuliamka alfajiri na kuchuma majani kwa bidii, lakini mizani ilionyesha kuwa uzito haukutosha, bila kujali mvua wala kilio cha mtoto." Sarufi yake haina doa. Nilipomsomea, alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Huyu naye alichuma shamba la nani?"

Nikarudi kwenye daftari na kuanza upya, safari hii nikitenganisha makosa ya kalamu na mambo ya sauti.

Tahajia niliirekebisha bila kusita. Kikipsigis hakitofautishi maana kwa p na b, wala kwa t na d, wala k na g, na sauti ya z hakina. Ndiyo maana anayekisema tangu utotoni huandika "asupuhi", "pado", "misani". Hiyo ni alama ya sikio lililolelewa na lugha nyingine, na nikiiacha msomaji atacheka mahali ambapo mama hakukusudia kuchekesha. Hata hapo pana mtego. Ukurasa mmoja ulisema, "Lori lilipaki kituoni mpaka usiku." Liliegeshwa, au lilibaki? Maneno yote mawili yangepita, kwa hiyo nikamwuliza: "Kogo, lori hilo lilikuwaje?" Akasema lilizama kwenye matope, likashindwa kutoka. Basi ni lilibaki. Ningekisia, ningemwandikia siku nyingine kabisa.

"Sisi ilikuwa tunaamka" ikawa "tulikuwa tunaamka", kwa sababu upatanisho ule uliteleza tu, haukubeba kitu. Lakini "tunachuma, tunachuma" niliiacha, ingawa habari ni ya zamani. Wakati uliopo unamrudisha mchumaji kwenye mistari ya chai, na neno linapojirudia, mkono unajirudia pamoja nalo. Kikapu nacho kimetajwa mara tatu, na kila mara kina hali mpya: kiko mgongoni, kitupu, kisha kimeshiba na kinasema. Ningeweka "chombo hicho" mahali pamoja, mwendo huo ungekatika.

Kurudia kwingine kulikuwa mzigo. Ukurasa wa nne ulikuwa na "halafu" kumi na moja: halafu nikaenda, halafu nikapanga foleni, halafu nikapima. Kiambishi -ka- tayari kinasema jambo hili lilifuata lile, kwa hiyo "halafu" inalisema mara ya pili. Nilizifuta moja moja, nikisoma kwa sauti baada ya kila moja. Kumi ziliondoka bila kuonekana. Iliyobaki ni ya "Halafu akaja karani." Hapo foleni nzima inanyamaza, na neno lile ndilo kimya chenyewe.

Kilichonishinda kwa muda ni "haijui". Mama amekwisha kusema mizani ni mtu, na mtu hupatanishwa kwa "hajui". Nilibadilisha, nikafurahia ufundi wangu jioni nzima. Asubuhi nikaona nilikuwa nimesahihisha kitu kisicho kosa. Mizani ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na "haijui" ni sahihi kabisa. Zaidi ya hayo, mama alikuwa amefanya jambo ambalo sarufi yangu ingelifuta: ameiita mtu, kisha katika sentensi inayofuata ameinyima utu. Nikairudisha.

Sarufi hiyo yangu ni ya Kiswahili sanifu. Wakati Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wake, na kamati ya lugha ikaanza mwaka 1930 kukagua vitabu, wasemaji wa Kiswahili cha kituoni hawakuwa kwenye hesabu. Usanifu ule naupenda na unanilisha. Hata hivyo kazi ya mhariri wa huku milimani ni kuuleta hadi mlangoni pa mwandishi na kuuacha hapo, yeye aupokee kiasi anachohitaji.

Nilimsomea tena alasiri, mvua ya Kericho ikipiga mabati, nikipandisha sauti. Nilipofika "haijui kwamba mtoto wangu analia", nilivuta pumzi, naye akaichukua sentensi mdomoni mwangu akiangalia nje: "haijui kwamba kiatu changu kimetoboka." Hilo halikuwamo daftarini. Nikamwuliza kama niliongeze.

"Andika," akasema. "Kilikuwa cha kushoto."